Barua ya kuiarifu kampuni ya bima kwamba ujenzi umechelewa na kuomba muda uongezwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kushughulikia karatasi za wakandarasi hapa Mombasa: mikataba, bima, vyeti vya malipo, bondi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonirudia kila mwezi, mengi yakiletwa na mtu ambaye bima yake imebakiza siku nne. Ili mambo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: jengo la fleti la ghorofa nne, Tudor, mkataba wa shilingi milioni 96, bima ya kuanzia 1 Juni 2024 hadi 31 Mei 2025. Jengo ni la kutungwa, ila matatizo yake nimeyaona katika saiti za kweli.

## Mambo ya kwanza

Bima inayozungumziwa hapa ni ipi?

Ni bima ya hatari zote za mkandarasi, ile ambayo mkataba wa ujenzi hukutaka uinunue kabla ya kuingia saiti. Ina sehemu mbili. Ya kwanza hulipa uharibifu wa kazi yenyewe na vifaa vilivyoko saiti: slebu ikianguka, moto ukiunguza mbao, mafuriko yakibomoa ukuta wa msingi. Ya pili hulipa madhara kwa watu wa nje, kama jirani aliyeangukiwa na tofali juu ya paa lake.

Tofauti na bima ya gari, hii haihuishwi kila mwaka. Hununuliwa kwa muda wa mradi mmoja tu, na kinga hukoma jengo linapokabidhiwa au kuanza kutumiwa, au tarehe iliyoandikwa kwenye hati ya bima inapofika, lolote litakalotangulia. Hati nyingi zina sentensi moja fupi ambayo watu hawaisomi: muda hauongezwi ila kwa idhini ya maandishi ya kampuni ya bima, iliyotolewa mapema. Barua tunayoizungumzia ndiyo ya kuiomba idhini hiyo.

Msanifu majengo ameshaniongezea muda wa mkataba. Kwani hiyo haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi huumia. Msanifu akikuongezea miezi minne amebadilisha makubaliano yako na mwenye mradi. Kampuni ya bima haimo katika makubaliano hayo wala haijui kama yamebadilika. Kwao, jengo la Tudor lilikuwa likamilike 31 Mei 2025, na usiku wa siku hiyo kinga inakwisha hata kama mafundi wako bado wako juu ya jukwaa.

Kinyume chake pia ni kweli. Kampuni ya bima ikikubali kuongeza muda, hilo halimfungi mwenye mradi. Bado anaweza kukukata fidia ya kuchelewa kwa sababu mkataba wako naye haukuongezwa. Ni barua mbili kwa watu wawili, na jibu la mmoja si jibu la mwingine.

Nani anapaswa kuandika: mimi, wakala wa bima au mwenye mradi?

Aliyenunua bima ndiye anayeandika, na kwa kawaida ni mkandarasi. Kama ulinunua kupitia wakala, barua ielekezwe kwa kampuni ya bima na ipitie kwake, halafu umfuatilie aipeleke. Usimpigie simu ukadhani umemaliza. Kwa kuwa hati nyingi huandikwa kwa jina lako pamoja na la mwenye mradi, mpe nakala yeye na msanifu wake. Kama benki imekopesha pesa za ujenzi na jina lake limo kwenye hati, nayo ipate nakala.

## Lini

Niandike siku ngapi kabla ya bima kuisha?

Andika siku unapojua kwamba tarehe haitafikiwa. Kwa wasiopenda kusikia hivyo, nasema siku 30 kabla, wala si chini ya hapo.

Siku 30 si za urembo. Mtu wa ofisi ya Mombasa anayepokea barua yako mara nyingi hana mamlaka ya kuikubali, kwa hiyo faili inaenda makao makuu Nairobi. Kama mradi ni mkubwa, kampuni hiyo nayo imegawana hatari na makampuni mengine yanayoikatia bima, na lazima iwaulize kabla ya kukujibu. Wao nao watataka picha na ratiba mpya, pengine na mkaguzi afike saiti. Hayo yote yanakula wiki mbili au tatu, na hapo hakuna aliyezembea.

Angalia pia kalenda. Katika mfano wetu, 31 Mei 2025 ilikuwa Jumamosi. Siku iliyofuata ilikuwa Madaraka, na kwa kuwa iliangukia Jumapili, Jumatatu ikawa mapumziko kwa sheria. Mkandarasi ambaye angesubiri siku ya mwisho angekuta milango imefungwa mpaka Jumanne ya 3 Juni, huku kinga ikiwa imekwisha siku tatu nyuma.

Je, nikiandika mapema sana wataniona mzembe?

La. Hati yenyewe inakudai uarifu kila badiliko kubwa la hatari, na kuchelewa ni badiliko. Baadhi ya hati zina nyongeza inayoifanya ratiba ya ujenzi kuwa sehemu ya bima, na kazi ikiachana na ratiba hiyo kwa zaidi ya idadi fulani ya wiki bila wao kukubali kwa maandishi, hasara inayotokana na tofauti hiyo hailipwi. Ukiwa na nyongeza ya aina hiyo, kungojea mwezi wa mwisho ni kuchelewa mara mbili. Itafute kwenye orodha ya nyongeza nyuma ya hati yako.

## Barua yenyewe

Barua iwe na mambo gani?

Mtu anayeisoma anataka kujua mambo machache: ni bima gani, kazi imefika wapi, imechelewa kwa nini, unaomba hadi tarehe ipi, na kuna nini kilichobadilika tangu alipokubali kuibeba hatari hii. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Hii ndiyo ningeandika kwa jengo la Tudor:

> 23 Aprili 2025
>
> Kwa Meneja, Idara ya Bima za Ujenzi
>
> KUH: TAARIFA YA KUCHELEWA KWA MRADI NA OMBI LA KUONGEZEWA KIPINDI CHA BIMA. Hati ya bima namba [   ]. Mradi: jengo la fleti la ghorofa nne, Tudor, Mombasa.
>
> Tunarejelea hati iliyotajwa, ambayo kipindi chake cha ujenzi kinaisha tarehe 31 Mei 2025. Tunawaarifu kwamba kazi haitakamilika kufikia tarehe hiyo, na tunaomba kipindi kiongezwe bila kukatika kuanzia 1 Juni 2025 hadi 30 Septemba 2025, kwa sehemu zote mbili za bima, na kipindi cha matengenezo cha miezi sita kianze baada ya hapo.
>
> Kufikia leo nguzo na slebu zote zimekamilika pamoja na kuta za ghorofa tatu za chini. Kazi iliyobaki ni kuta za ghorofa ya nne, paa, plasta, mabomba, umeme na umaliziaji. Kazi iliyofanywa ina thamani ya shilingi milioni 62.
>
> Kuchelewa kumetokana na mambo matatu. Wakati wa kuchimba msingi tulikuta shimo la choo la zamani na maji ya ardhini, tukapoteza wiki tano. Mwenye mradi aliagiza mnara wa matangi na vyumba vya ziada, jambo lililoongeza wiki saba. Malipo ya cheti namba 6 yalichelewa, kazi ikapungua kwa kiasi cha wiki tatu. Saiti haikufungwa wakati wowote.
>
> Kwa sababu ya kazi ya ziada, thamani ya mkataba imepanda kutoka shilingi milioni 96 hadi milioni 102. Tunaomba kiasi cha bima kirekebishwe ipasavyo. Njia ya ujenzi na matumizi ya jengo hayajabadilika, na hakuna sehemu iliyokabidhiwa au kukaliwa.
>
> Tunathibitisha kwamba hadi tarehe ya barua hii hakuna hasara wala tukio tunalolijua ambalo halijaripotiwa kwenu.
>
> Tafadhali tupeni hesabu ya ada ya nyongeza na masharti yenu, ili tulipe na kupata hati ya nyongeza kabla ya 31 Mei 2025.
>
> Tumeambatisha ratiba mpya ya kazi, barua ya msanifu ya kuongeza muda, agizo la kazi ya ziada, ripoti ya maendeleo na picha za tarehe 22 Aprili 2025.
>
> [Sahihi, jina, cheo na muhuri]
>
> Nakala: mwenye mradi, msanifu majengo, wakala wa bima

Neno la kuangalia zaidi hapo ni "bila kukatika". Bila hilo unaweza kupewa nyongeza inayoanza siku walipopokea pesa, na kuwe na pengo la siku mbili tatu katikati. Angalia pia kwamba barua inataja tarehe kamili ya mwisho. Ukiandika "miezi minne zaidi" mtakuja kubishana inahesabiwa kuanzia lini.

Barua yako unaweza kuiandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ila kwa kuwa hati zenyewe karibu zote ni za Kiingereza, vichwa vya sehemu na namba za vifungu vinakili kama vilivyo kwenye hati ili msomaji asikisie.

Sababu nyingine ni kosa langu mwenyewe. Niiseme?

Iseme. Kama fundi mkuu aliondoka ukakaa wiki mbili bila mwingine, hilo halikunyimi nyongeza. Kampuni ya bima haigawi lawama kama anavyofanya msanifu anapopima madai yako ya muda. Inataka kujua kama hatari imekuwa kubwa kuliko ile iliyoipima mwanzoni.

Kinachoharibu ni kuficha. Mathalani, msingi ulitikisika ukarekebishwa kimyakimya, na barua ikasema "mvua". Siku ya madai mkadiriaji wa hasara atasoma kitabu cha saiti, atakuta tarehe za kumwaga zege upya, na atauliza kwa nini hamkusema. Bima imejengwa juu ya kuambiana kweli, na jambo zito lililofichwa linaweza kuiangusha hati nzima.

Niombe muda kiasi gani?

Chukua ratiba mpya, si matumaini. Katika mfano wetu sababu tatu zinafanya wiki 15. Nikaongeza wiki mbili za ukaguzi, kurekebisha kasoro na kukabidhi, jumla wiki 17, ambazo ni kama miezi minne. Nimewaona wengi wakiomba mwezi mmoja ili waokoe ada, kisha mwezi mwingine, kisha mwingine. Ombi la tatu hupokewa na mtu ambaye hakuamini tena, na kila mara unabaki unakimbizana na tarehe.

Kwa Pwani, tazama pia majira unayoingia. Nyongeza ya Juni hadi Septemba inakupitisha wakati wa kusi, baada ya masika kupungua. Kama kuchelewa kwako kunakusukuma kuchimba msingi mwezi wa Aprili na Mei, hilo ni jambo jingine kabisa, na wataliona hata usipolisema. Eleza mapema maji utayatoa vipi na kingo za shimo utazizuiaje.

Barua nimeipeleka. Je, nimeshapata nyongeza?

Bado. Barua ni ombi. Nyongeza unayo ukiwa na hati ya nyongeza mkononi, au angalau barua yao inayosema wamekubali, kuanzia lini hadi lini, na ada ikiwa imelipwa. Sheria ya Bima ya Kenya, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Kwa hiyo "tutakutumia hesabu" si kinga, na "endelea tu, tutamalizana" ya kwenye simu pia si kinga.

Kuhusu kupokelewa, nina kovu langu. Mwaka wangu wa pili kazini niliambiwa nipeleke barua kama hii mjini. Nilifika Ijumaa jioni, mapokezi pamefungwa, nikamwachia mlinzi bahasha. Nakala yangu haikugongwa muhuri. Siku ya kumi na moja baada ya bima kuisha, mbao za kuegemezea slebu zilifyatuka na zege la mita kadhaa likaenda chini. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini kampuni ilisema haikuona barua yoyote, na mimi sikuwa na cha kuwaonyesha. Bahasha ilikuja kupatikana baadaye ndani ya droo, haijafunguliwa. Mkandarasi alimwaga slebu ile upya kwa pesa yake.

Tangu siku hiyo natoka na nakala mbili, na siondoki kwenye kaunta mpaka ya kwangu ina muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi. Siku hiyohiyo natuma barua pepe yenye viambatisho vyote, na nasubiri mtu ajibu kwamba ameipata.

## Pesa

Ada ya nyongeza huhesabiwaje?

Njia ya kawaida ni kugawa ada ya mwanzo kwa muda wa mwanzo, kisha kuzidisha kwa muda ulioombwa. Tuseme kiwango kilikuwa asilimia 0.25 ya milioni 96, yaani shilingi 240,000 kwa miezi 12. Hiyo ni 20,000 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 80,000.

Lakini thamani imepanda hadi milioni 102. Ongezeko la milioni 6 kwa kiwango kilekile linadai 15,000 kwa kipindi cha mwanzo. Ada ya mwaka sasa ni 255,000, ambayo ni 21,250 kwa mwezi, na miezi minne ni 85,000. Jumla ni 100,000. Juu yake kuna tozo mbili za kisheria, asilimia 0.2 ya mafunzo na asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia kwa wenye bima, ambazo pamoja ni shilingi 450.

Hesabu hii ni ya kukupa makisio, maana kampuni haifungwi nayo. Inaweza kudai zaidi kama umeshalipwa madai makubwa au kama muda unaoomba unakaribia ule wa mwanzo. Hoja yao ina uzito: mwezi wa kwanza wa mradi walikuwa wamebeba shimo na marundo ya kokoto, na mwezi wa kumi na tatu wamebeba jengo karibu zima.

Lazima niseme kwamba thamani imepanda? Nitalipa zaidi.

Lazima, na hesabu yenyewe itakushawishi. Tuseme hukusema, na mwezi wa Julai moto unaharibu kazi ya shilingi milioni 3. Kiasi kilichokatiwa bima ni milioni 96, kilichopaswa kukatiwa ni milioni 102. Hiyo ni bima pungufu, na malipo hupunguzwa kwa uwiano huo: milioni 3 mara 96 gawa kwa 102, unapata shilingi 2,823,529. Umepoteza zaidi ya 176,000, na bado hawajaondoa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hujibebea mwenyewe. Ulichookoa kwenye ada hakifiki 21,000.

Kumbuka kwamba si kazi ya ziada tu inayopandisha thamani. Nondo na saruji zikipanda bei katikati ya mradi, gharama ya kujenga upya kilichoharibika imepanda pia, hata kama mkataba haukuguswa.

Bima italipa fidia ya kuchelewa ninayokatwa na mwenye mradi?

Hapana. Hati ya kawaida huondoa waziwazi hasara zinazofuata, zikiwemo faini na hasara za kuchelewa. Kwa hiyo usiigeuze barua hii kuwa ya kudai pesa. Hasara za kuchelewa zidai kwa mwenye mradi kupitia mkataba, kama sababu ni zake.

## Mambo yanayotatiza

Saiti ilisimama kabisa miezi miwili. Naandikaje?

Hapa pana hatari kubwa kuliko ya tarehe. Hati nyingi haziilipi hasara inayotokana na kusimama kwa kazi, iwe kazi yote au sehemu yake. Ukuta ulioachwa bila kuegemezwa ukaanguka kwa upepo wakati hakuna mtu saiti unaweza kukataliwa ingawa tarehe ya bima haijafika. Kwa hiyo arifu siku kazi inaposimama, si siku inapoanza tena.

Barua hiyo iseme kazi imesimama tangu lini na kwa nini, na uombe kinga iendelee wakati wa kusimama. Waeleze umeilindaje saiti: mlinzi usiku na mchana, uzio umefungwa, jukwaa limeshushwa au limekazwa, mashimo yamefunikwa, umeme umekatwa, nondo zinazochungulia zimepakwa saruji ya maji zisiliwe na chumvi ya bahari. Hilo la mwisho ni la kwetu hasa. Kutu yenyewe hailipwi na bima, lakini mkaguzi akikuta nondo zimebambuka atauliza nguzo zitakazojengwa juu yake zitasimama vipi.

Kupungua si kusimama. Katika mfano wetu mafundi walitoka 24 wakabaki sita, na kitabu cha saiti kinaonyesha majina yao kila siku. Ndiyo maana barua iliweza kusema kwamba saiti haikufungwa. Usiseme hivyo kama kitabu chako kina kurasa tupu.

Mwenye mradi ameshafungua maduka ya chini wakati ghorofa za juu bado. Bima inaendelea?

Kwa zile ghorofa za juu, ndiyo. Kwa maduka, kinga ilikwisha siku yalipoanza kutumika, maana sehemu iliyokabidhiwa au kutumiwa hutoka kwenye bima yenyewe bila mtu kuandika. Barua yako iseme wazi ni sehemu gani imetoka na tarehe gani. Mwandikie mwenye mradi siku hiyohiyo akate bima yake ya moto kwa maduka hayo. Kisha uiulize kampuni kuhusu wateja wanaopita chini ya jukwaa lako, kwa sababu hilo linaigusa sehemu ya pili ya bima.

Bima iliisha wiki mbili zilizopita na sasa ndiyo nimekumbuka. Nifanye nini?

Kwanza, usirudishe tarehe ya barua nyuma. Pili, andika leo. Sema wazi kwamba muda uliisha, eleza hali ya saiti ilivyo leo, na uthibitishe kama kuna au hakuna uharibifu uliotokea tangu kuisha. Hapo huombi tena kuongezewa muda, unaomba kurudishiwa kinga. Watatuma mkaguzi, watakupa masharti, na mara nyingi kinga itaanza siku ya makubaliano na malipo. Wiki mbili zile zitabaki pengo lako. Wakati unasubiri, kama kuna slebu ya kumwagwa, iahirishe.

Kuna hasara iliyotokea kabla ya bima kuisha, na ndiyo iliyonichelewesha.

Iarifu kwa barua ya peke yake, mara moja. Hati nyingi zinakupa siku 14 tu tangu tukio. Barua ya kuomba muda iitaje kwa mstari mmoja ikirejelea namba ya dai. Ukizichanganya mbili katika barua moja, dai litakaa mezani kwa mtu wa kuongeza muda na kuongeza muda kutakaa mezani kwa mtu wa madai.

Kipindi cha matengenezo nacho kinasogea?

Hakisogei chenyewe. Katika mfano wetu miezi sita ilikuwa ihesabiwe kuanzia 1 Juni 2025. Barua isipokitaja, unaweza kujikuta unajenga mpaka Septemba, huku miezi minne ya matengenezo kwenye karatasi imeshakwenda. Hati ya nyongeza ikifika, kisome kipengele hiki kwanza, maana ndicho kinachosahauliwa zaidi na wanaoichapa.

Nyongeza hii inahusu pia bima ya wafanyakazi na bondi?

La. Bima ya majeraha ya wafanyakazi, inayotokana na sheria ya mwaka 2007, ni hati nyingine yenye tarehe yake. Mashine zako zikiwa na bima ya mwaka, hiyo nayo ni nyingine. Bondi ya utekelezaji wa mkataba ina tarehe yake pia, na mwenye mradi anaweza kuidai kabla haijaisha endapo hujaihuisha. Siku unayoandika barua hii, zitoe zote kwenye faili uzitazame tarehe kwa pamoja.

Wamekubali, lakini kwa masharti mapya. Nikatae?

Yasome kwanza. Kuongeza kiasi unachojibebea kwa hasara za maji, kutaka mtungi wa kuzimia moto kila ghorofa, au kutaka picha kila mwezi ni mambo ya kuishi nayo, mradi uyatekeleze, kwa kuwa sharti lisilotekelezwa linakuwa sababu ya kukunyima malipo. Sharti linaloondoa mafuriko au watu wa nje ni jambo jingine. Mkataba wako wa ujenzi unakutaka uwe na kinga hiyo, na ukilikubali kimya utakuwa umeuvunja. Lipeleke kwa msanifu kwa maandishi, na umwambie wakala atafute kampuni nyingine wakati bado mna siku. Kampuni mpya huwa nzito kupokea jengo lililofika nusu, kwa hiyo siku hizo ziwe za kutosha.